Uzi: KRA wanakataa VAT ya manunuzi yangu eti muuzaji hakutangaza mauzo. Nijibu vipi?

#1 · HadiweaNakuru · 8 Oktoba 2024

Habari zenu wakuu. Nina hadiwea Nakuru na nimesajiliwa VAT. Tarehe 30 Septemba nimepokea barua pepe ya KRA kuhusu ritani yangu ya Agosti 2023. Wanasema invoisi tatu nilizodai hazionekani kwenye ritani za walioniuzia. Ya kwanza ni ya mabati, 250,000. Ya pili simiti, 180,000. Ya tatu vyuma vya kujengea, 170,000. Hizo ni bei kabla ya VAT. Jumla ni 600,000, na ile asilimia 16 yake, shilingi 96,000, ndiyo wanayoikataa.

Mabati na simiti nilitoa kwa holsela mmoja, vyuma kwa mwingine wa Nairobi. Mzigo ulishuka mlangoni kwangu, nililipa kwa benki, na VAT ilikuwa ndani ya hiyo hesabu. Mimi hiyo pesa nilishaitoa. Kweli nilipe tena kwa sababu mtu mwingine hakujaza ritani yake?

#2 · Kaka_wa_Soko

Usilipe hata shilingi. Wewe ulifanya wajibu wako, una invoisi. Aliyekaa na pesa ya serikali ni muuzaji, KRA wamtafute yeye, wana PIN yake na benki yake wanaijua. Waandikie hivyo, barua ya mistari mitatu inatosha.

#3 · MhasibuThika

Kaka #2, kwa haki ya kawaida ya mtu na mtu uko sawa. Kisheria si rahisi hivyo. Soma kifungu cha 17(2) cha Sheria ya VAT ya 2013. Zamani kilitaka tu mnunuzi awe na hati. Kikaja kurekebishwa, sasa kinasema pia kwamba dai halikubaliwi kama muuzaji aliyesajiliwa hajatangaza invoisi hiyo kwenye ritani. Ukijibu kwa mistari mitatu ya "mfuateni yeye" watakusomea hicho kifungu na mambo yataishia hapo.

Ndugu wa Nakuru, kabla hatujaenda mbali: ulichopokea ni notisi ya tofauti, au ni makadirio ya kodi yenyewe? Angalia kichwa cha barua. Watu wengi huchanganya, na saa inayohesabu siku ni tofauti kwa kila moja.

#4 · HadiweaNakuru

Ni notisi, dada. Wamenipa siku 30 kurekebisha au kueleza.

#5 · MhasibuThika

Basi una siku 22 na bado uko mahali pazuri. Notisi hizi hutolewa na mtambo. Mtambo unachukua sehemu F ya ritani yako, ambako umeorodhesha manunuzi, unailinganisha na sehemu B ya muuzaji, ambako ameorodhesha mauzo. Unatazama PIN na namba ya invoisi. Visipolingana, mtambo unahesabu kwamba muuzaji hakutangaza, hata kama alitangaza na kulipa.

Kwa hiyo usizichukue hizo tatu kama kesi moja. Kila invoisi ina ugonjwa wake. Toa karatasi zenyewe, weka pembeni ya ritani uliyojaza, tuambie namba uliyoandika inafanana na iliyo kwenye karatasi au la.

#6 · Baharia_Msa

Salaam. Hapa tatizo ni eTIMS. Siku hizi kama risiti si ya eTIMS hupati kitu, gharama yote inakataliwa. Muuzaji wako angekuwa na eTIMS hungekuwa hapa.

#7 · MhasibuThika

Bwana Baharia, hilo unalosema ni la kodi ya mapato. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haikatwi kwenye faida yako. Hapa tunazungumzia VAT, tena ya Agosti 2023. Ni mlango mwingine.

Ila umenigusia jambo la maana. Kufikia 2023 waliosajiliwa VAT walitakiwa wawe wanatoa invoisi za mashine inayotuma taarifa KRA. HadiweaNakuru, hizo karatasi zina ile alama ya QR na namba ndefu ya mashine? Kama zipo, nenda ukurasa wa kwanza wa iTax, kuna sehemu ya kuhakiki namba ya invoisi. Iingize. Ikitokea, chapisha ukurasa huo. Maana yake KRA walipokea taarifa ya mauzo siku ile ile yalipofanyika, hata kama muuzaji hakujaza ritani mwisho wa mwezi.

#8 · Baharia_Msa

Aa, sawa. Nilisoma mbio mbio. Shukran kwa kunisahihisha.

#9 · Printa_Kisumu

Mimi yalinikuta na karatasi za kuchapia. VAT ya elfu 51 hivi. Nilikonda kwa wiki mbili nikidhani muuzaji ni mwizi, kumbe karani wake alipojaza ritani alichukua mauzo yote ya ule mwezi akayatia kwenye ule mstari mmoja wa wateja wasiosajiliwa. Kodi alilipa yote! Ila PIN yangu haikuwepo popote. Nilienda ofisini kwake na karatasi mkononi, nikakaa kwenye benchi mpaka akarekebisha. Simu hazikusaidia. Nenda mwenyewe.

#10 · Kaka_wa_Soko

Printa nakuona ukiwa kwenye lile benchi, unavyojua kukaa kimya 😄

Basi HadiweaNakuru mwambie holsela akupe noti ya kufuta zile za zamani na akuandikie invoisi mpya leo. Mpya zitatangazwa mwezi huu, umemaliza.

#11 · MhasibuThika

Hapana, hapana. Asifanye hivyo. Bidhaa ziliuzwa Agosti 2023 na dai la VAT ya manunuzi lina miezi sita tu baada ya kipindi ambacho mauzo yalifanyika. Invoisi mpya ya Oktoba 2024 kwa simiti iliyokwisha kumwagwa kwenye msingi wa nyumba ya mtu ni kutengeneza hati isiyo ya kweli. Tena noti ya kufuta itaiondoa ile ya zamani iliyokuwa ushahidi wake. Kinachorekebishwa ni ritani ya muuzaji ya Agosti 2023, na ile invoisi inabaki kama ilivyo. Kwa holsela kuhamisha kiasi kutoka mstari wa wasiosajiliwa kwenda kwenye PIN ya mteja hakumwongezei kodi, kwa hiyo hana sababu ya kukataa. Huenda tu ritani iliyorekebishwa ikasubiri afisa aipitishe, ndiyo maana nasema aanze leo.

#12 · HadiweaNakuru · 11 Oktoba 2024

Nimerudi na majibu. Dada wa Thika, Mungu akubariki.

Ya mabati: kosa ni langu. Karatasi ina namba mbili, moja fupi ya kitabu cha holsela na moja ndefu ya mashine. Mimi niliandika fupi, yeye akatangaza ndefu. Nimehakiki iTax, ipo.

Ya simiti: ni kama ya Printa kabisa. Holsela amenionyesha ritani yake, ile 180,000 imo kwenye jumla ya wasiosajiliwa ingawa karatasi yangu ina PIN. Ameahidi kurekebisha.

Ya vyuma ndiyo inaninyima usingizi. Simu haipatikani. Nimemtuma mpwa wangu pale Industrial Area, godauni limefungwa na ndani kuna mtu mwingine anauza matairi. Karatasi ina QR lakini namba nikiiingiza haileti kitu.

#13 · Mzee_wa_Ledja

Kijana wangu, hiyo ya vyuma mimi naitilia shaka. Kuna kampuni zinasajiliwa, zinauza miezi minne mitano, zinakusanya VAT kutoka kwa watu, kisha zinapotea. Nyingine haziuzi kitu, zinauza karatasi tu. KRA wakiona mnyororo huo hawamtazami muuzaji, kwa sababu hayupo. Wanamtazama wewe uliyepo.

#14 · Wanja_Eldy

Si lazima awe mwizi, mzee. Kuna wanaowekwa kwenye ile orodha maalum ya VAT ya KRA. Ukishawekwa huwezi kujaza ritani ya VAT, na wateja wako wote wanaanza kupata notisi. Jirani yangu alikaa humo miezi, duka wazi, bidhaa zipo. Mwingine anafutiwa usajili wa VAT na haambii wateja. HadiweaNakuru, ingiza PIN yake kwenye kihakiki cha PIN cha iTax uone kama wajibu wa VAT bado umeandikwa.

#15 · HadiweaNakuru

Nimeangalia. Wajibu wa VAT haupo. Haisemi kwa nini.

#16 · Wakili_Mstaafu

Nimekuwa nikiwafuata kimya. Niongeze kwenye #13 na #14: kwako wewe mnunuzi, sababu ya muuzaji kutotangaza haibadilishi sana unachotakiwa kuthibitisha. Sheria ya Taratibu za Ushuru inauweka mzigo wa ushahidi kwa mlipa kodi. Na Mahakama Kuu imekwisha kusema katika kesi za aina hii kwamba invoisi peke yake haitoshi pale KRA wanapohoji kama biashara ilifanyika. Lazima uonyeshe bidhaa zilitembea na pesa zilitembea.

Chukua hizo tani za vyuma uzifuate tangu mwanzo mpaka mwisho. Ulimwagizaje? Ujumbe wa simu unafaa. Nani alileta, lori namba gani, nani alisaini delivari? Ulilipa lini, kutoka akaunti gani kwenda ipi? Kitabu chako cha stoki kinaonyesha vimeingia? Kisha lile ambalo watu husahau: uliviuza kwa nani? Kama uliuza vyuma hivyo hivyo na ukatangaza VAT ya mauzo, KRA wamekwisha kula kodi ya bidhaa wanayosema haikuwepo. Hoja hiyo ina nguvu kuliko kulia kwamba muuzaji ni mbaya.

#17 · HadiweaNakuru

Delivari ninayo, imesainiwa na kijana wangu, namba ya lori ipo. Stoki imeandikwa. Vyuma vingi vilichukuliwa na kontrakta anayejenga fleti, nilimpa invoisi na nikatangaza. Malipo ni RTGS ya 197,200, yaani 170,000 na VAT yake 27,200.

Ila kuna kitu. Akaunti niliyolipa haikuwa ya jina la kampuni. Ilikuwa ya jina la mtu, aliniambia ndiye mkurugenzi.

#18 · Wakili_Mstaafu

Hapo ndipo watakapokubana. Si kwamba kesi imekufa, lakini afisa atauliza: kampuni ilikuuzia, mbona umemlipa mtu? Tafuta chochote kinachounganisha hilo jina na kampuni. Kama invoisi au ujumbe wake ulikuwa na maelekezo ya akaunti hiyo, weka. Unaweza pia kuomba taarifa za kampuni kwa msajili wa kampuni kupitia eCitizen, zinaonyesha wakurugenzi. Jina likifanana, umeziba shimo kubwa.

#19 · Gavana_wa_Mtaa

Kwani haukuwa wakala wa kuzuia VAT? Mimi nauzia kaunti, wao huzuia asilimia 2 ya bei na cheti kinatoka iTax kikiwa na PIN yangu. Hakuna anayeniuliza kama biashara ilifanyika. Shida yangu ni kaunti kulipa tu, invoisi za mwaka juzi bado zinalala.

#20 · Wanja_Eldy

Gavana, hao huteuliwa na KRA, hadiwea ya Nakuru haiwezi kujipa kazi hiyo. Na habari za madeni ya kaunti fungua uzi wake, tutalia wote huko.

#21 · HadiweaNakuru · 26 Oktoba 2024

Nimerekebisha ya mabati, namba ndefu imeingia. Holsela naye amerekebisha ya simiti na nimeweka nakala. Za vyuma nimeandika maelezo na kuambatisha hati. Taarifa za kampuni zimetoka: mkurugenzi ni mmoja, na jina la kwanza na la mwisho ni yale ya akaunti. La katikati halipo kwenye akaunti.

#22 · HadiweaNakuru · 21 Novemba 2024

Jana wametoa makadirio. Mabati 40,000 na simiti 28,800 wameziondoa. Vyuma wamekataa: 27,200, faini ya kuchelewa kulipa asilimia 5 yaani 1,360, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa miezi 14, yaani 3,808. Jumla 32,368. Wamesema tu muuzaji hakutangaza.

#23 · Kaka_wa_Soko

Ndugu yangu, hapo nakubali nilikosea mwanzoni. Lakini elfu 32? Wakili na mhasibu watakula zaidi ya hiyo. Lipa, rudi dukani.

#24 · MhasibuThika

Pingamizi haihitaji wakili, Kaka. Anaweza kuiandika mwenyewe. Ila sasa saa imebadilika: una siku 30 tangu kuarifiwa, yaani mpaka 20 Desemba. Tena huwezi kurekebisha ritani ili kufuta makadirio, mlango sasa ni pingamizi tu, chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru. Taja kiasi unachopinga, sababu, marekebisho unayotaka, na ambatisha kila hati hata kama uliwapa mwanzo. Nimeona pingamizi nzuri zikikataliwa kuwa si halali kwa sababu mtu aliandika "kama nilivyotuma awali" na hakuweka kitu.

Hoja yangu ingekuwa hii: kifungu cha 17(2) kinasema dai halikubaliwi *mpaka* kipindi ambacho mnunuzi ana hati. Wewe hati ulikuwa nazo tangu siku ya kwanza.

#25 · Wakili_Mstaafu

Dada, hapo ndipo tunapotofautiana. Ni kweli maneno ya mwisho ya kifungu yanazungumzia hati tu, hayasemi nini kinatokea muuzaji akitangaza baadaye au asipotangaza kabisa. Wewe unaisoma hivyo kumsaidia mnunuzi. KRA wanaisoma kwamba ni masharti mawili na moja likikosekana dai limekufa, na miezi sita ikipita halifufuki. Mimi ningeiweka hoja yako ya pili. Ya kwanza ningeweka kwamba biashara ilifanyika na VAT ya mauzo ililipwa.

#26 · MhasibuThika

Mzee, nikiweka ukweli wa biashara kwanza, wanajibu "sawa, ilifanyika, lakini muuzaji hakutangaza," na wamemaliza. Ukweli wa biashara haujibu maneno ya kifungu.

#27 · Wakili_Mstaafu

Na nikiweka maneno ya kifungu kwanza, wanajibu kwamba huenda biashara haikuwepo, na hawatafika kwenye kifungu. Ile akaunti ya jina la mtu isahau usiku mmoja tu, uone.

#28 · Mzee_wa_Ledja

Aweke zote mbili, mpangilio achague mwenyewe. Kijana, cha maana ni tarehe. Ukituma hakikisha una uthibitisho wa kupokelewa. Kamishna ana siku 60 kutoa uamuzi tangu apokee pingamizi halali. Asipotoa, pingamizi lako linahesabiwa limekubaliwa. Akikataa, una siku 30 kwenda Jopo la Rufaa za Ushuru.

#29 · HadiweaNakuru · 3 Desemba 2024

Nimetuma jana. Nimeanza na vyuma: agizo, delivari, RTGS, taarifa za kampuni, stoki, invoisi ya kontrakta na ritani niliyoitangazia. Kifungu nimekiweka pili. Nimepata namba ya kupokelewa ya tarehe 2. Kwa hiyo siku 60 zinaisha 31 Januari.

#30 · Printa_Kisumu · 9 Januari 2025

Wakuu, mmeona marekebisho ya sheria yaliyoanza 27 Desemba? Msamaha umerudi. Ukilipa kodi yenyewe kufikia 30 Juni 2025, faini na riba za vipindi vya hadi 31 Desemba 2023 zinasamehewa. Agosti 2023 imo! HadiweaNakuru ukishindwa utatoa 27,200, ile 5,168 ya faini na riba haipo tena.

#31 · Kaka_wa_Soko

Sasa alipe leo basi, aachane nayo.

#32 · MhasibuThika

Akilipa leo, pingamizi linabaki la nini? Uamuzi hautavuka 31 Januari. Asubiri. Ukija vibaya bado ana miezi mitano ya msamaha.

#33 · Wakili_Mstaafu

Ila akienda Jopo la Rufaa, 30 Juni inaweza kumpita kesi ikiwa bado. Hapo atalazimika kuchagua.

#34 · HadiweaNakuru · 10 Januari 2025

Nasubiri mpaka 31. Tangu Oktoba, invoisi yoyote nikipewa naihakiki iTax kwanza kabla lori halijashusha, na malipo ni kwa akaunti ya jina la kampuni tu. Juzi nimemrudisha mtu na vyuma vyake.

#35 · Baharia_Msa

Na ukiihakiki, ikatokea, halafu mwisho wa mwezi muuzaji asijaze ritani yake? Hapo umejilinda, au bado?